Aziza na Safari ya Minago

Mwaka ule wa uhuru, Aziza binti Hamissi alikuwa mkunga wa pekee katika matenite, nyumba ndogo ya kuzalishia ya Rumonge, iliyokuwa juu kidogo ya soko la samaki. Mwenzake Sabine alikuwa amemfuata mumewe mji mkuu, Usumbura, na mtu wa kumrithi hakuletwa. Basi Aziza akawa anazalisha mchana, anaamshwa usiku, na siku ya Alhamisi anapima watoto uzito mpaka mkono unakufa ganzi. Kila mkuu wake alipomwongezea kazi alijibu, "Ndiyo, Mama." Alilelewa hivyo. Mkubwa akisema, wewe unaitika.

Lakini wiki ya katikati ya Juni aliogopa. Alikuwa ameketi kando ya mzazi mmoja aliyetoka kujifungua, damu ikimtoka zaidi ya kawaida, na yeye usingizi ukamchukua. Aliyemshtua ni mzazi mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Dada, iko nakuwa na baridi." Aziza aliruka, akakanda tumbo, akachoma sindano, damu ikakata. Mama yule alipona. Aziza naye alitoka nje akashikilia ukuta.

Nyumbani alimweleza mumewe, Abdulhamid, fundi wa mitumbwi.

"Umemwambia mkubwa wako?" akauliza Abdulhamid.

"Nitamwambia nini? Kwamba nimechoka? Nani hajachoka?"

"Usimwambie umechoka. Mwambie kazi gani itaharibika."

Neno hilo lilimkaa moyoni.

Jumatatu iliyofuata, Mama Émérance alimwita ofisini. Huyu alikuwa mkuu wa dispensari na matenite, mtu wa Bururi, mama wa makamo, mkali wa usafi, na hakuna aliyewahi kumwona ameketi bila kazi mkononi. Juu ya meza yake palikuwa na sanduku la chanjo ya ndui lililofika asubuhi na gari kutoka Usumbura.

"Amahoro, Aziza."

"Amahoro, Mama."

"Mwanangu, sikia. Hyacinthe wa chanjo ameanguka kwa malaria, hawezi kusimama. Na watu wa Minago wameshaambiwa chanjo inakuja. Utaenda wewe, Jumatano na Alhamisi. Ukirudi Ijumaa utapima watoto, maana Alhamisi utakuwa huko."

Aziza aliisikia "ndiyo" ikipanda kooni. Akaimeza.

"Mama, nikuombe uniruhusu niseme kitu."

"Sema."

"Safari hii siwezi kuiongeza juu ya kazi nilizo nazo. Nikiiongeza, moja itaharibika, na inayoharibika kwangu ni mtu."

Émérance aliweka kalamu chini. Hakuzoea kusikia hivyo kutoka kwa Aziza. "Unakataa?"

"Nakataa kuzifanya zote, Mama. Sikatai kazi." Akamsimulia habari ya mzazi aliyetokwa damu, hakuficha kwamba alisinzia. Kisha akasema, "Kabibi wa Kizuka ana mimba ya mapacha, na siku zake zimefika. Nikiwa Minago, akija nani atampokea?"

"Mimi nilizalisha kabla wewe hujazaliwa."

"Najua, Mama. Ndiyo maana nimekuja na njia mbili, uchague wewe. Ya kwanza: niende Minago, wewe ukae matenite siku zote mbili, na upimaji wa watoto tuuache wiki hii. Ya pili: mimi nibaki, Léonard wa chumba cha vidonda aende Minago. Anajua kuchanja, alifuatana na Hyacinthe mwaka jana. Wagonjwa wake wa asubuhi nitawasafisha vidonda mimi, kama hakuna mzazi. Hata hapo upimaji tuuache. Chanjo haisubiri, barafu ya sandukuni inayeyuka. Mimba haisubiri. Mtoto mzima akipimwa wiki ijayo, hana alichopoteza."

"Daktari wa Usumbura anataka uzito wa watoto kila mwezi."

"Atapata, Mama, ila kwa kuchelewa wiki moja."

Émérance alisimama, akafungua dirisha, akatazama wanawake waliokuwa wakianua dagaa. Aziza alijiona tayari amefukuzwa, amekwenda kumwambia Abdulhamid wauze cherehani yao.

"Si watoto wote ni wazima," Émérance akasema hatimaye, bila kugeuka. "Wale wanaokonda, niliowawekea alama nyekundu, hao hawaachwi. Nitawapima mimi mwenyewe. Wengine wiki ijayo. Wiki moja tu, Aziza, si mbili. Léonard aende Minago. Na usiku wa leo na kesho wewe lala kwako. Mimi nitalala huku."

"Mama, sikuomba hilo."

"Ulipaswa kuliomba mapema," akajibu. "Mimi naona kazi inafanyika, nadhani mtu anaiweza. Sina macho ya kuingia ndani ya mwili wako."

"Murakoze, Mama," Aziza akashukuru.

Aziza alitoka akitembea haraka, akijizuia kucheka kama mwehu. Kitu kizito kilikuwa kimeondoka kifuani mwake. Usiku ule alilala mpaka Abdulhamid akamgusa begani kuhakikisha bado anapumua.

Tangazo la kuahirisha upimaji lilipelekwa msikitini na kanisani, lakini halikuwafikia wote. Alhamisi mama mmoja aliteremka toka milimani na mtoto mgongoni, akakuta wanapimwa wenye alama nyekundu tu. Alilalamika kwa sauti, na alikuwa na haki. Aziza alimwomba radhi, akampa maji, akampimia mtoto wake kwa kuwa alikuwa keshafika.

Mchana wa siku hiyohiyo Kabibi akaletwa, amekalishwa nyuma ya baiskeli, shemeji yake anaisukuma. Uchungu ulikuwa umeshamiri. Mtoto wa kwanza, wa kiume, alikuja kichwa mbele bila taabu. Lakini Aziza alipopapasa tumbo, wa pili alikuwa amelala kama gogo, kichwa ubavu huu, miguu ubavu ule. Chupa ya uzazi, mfuko wa maji unaomzunguka mtoto, ilikuwa haijapasuka bado. Ikipasuka hivyo, mkono au kitovu kingetangulia, na daktari wa kupasua alikuwa mbali.

"Mwiteni Mama Émérance."

Émérance aliacha wale watoto waliokonda, akaja akinawa mikono. Akaweka pembe ya mbao tumboni, akasikiliza mapigo ya mtoto.

"Moyo uko vizuri. Mgeuze. Mimi nasikiliza."

Aziza alisubiri uchungu utulie, akakishika kichwa kwa nje na kukisukuma taratibu kwenda chini, mkono wa pili ukiinua matako ya mtoto juu. Uchungu ukija, anaacha, anashikilia tu. Vidole vyake vilimtii. Wiki hii alikuwa amepata usingizi. Kichwa kikateleza, kikakaa kwenye nyonga.

"Bado moyo uko," akasema Émérance. "Shikilia hapohapo."

Uchungu uliofuata, Aziza alipasua chupa. Msichana akatoka, mwembamba, kimya, halafu akalia kwa hasira. Émérance mwenyewe alichoma sindano ya kukaza mji wa mimba, na wote wawili wakakaa wakitazama damu mpaka walipoamini imekata kweli.

"Mama Émérance," Kabibi akaita toka kitandani, amechoka, anatabasamu, "wawili wote wako wazima?"

"Wote. Na mama yao."

Jioni Léonard alirudi toka Minago na vumbi hadi kwenye nyusi, sanduku tupu. Émérance alimsikiliza, kisha akamgeukia Aziza.

"Wiki ijayo kamati ya sherehe za uhuru inataka mtu wa huduma ya kwanza uwanjani, siku nzima. Nimewaambia nitawajibu kesho." Akavuta kiti. "Kaa. Tukimtoa mtu, tunaacha nini?"

Aziza akakaa.