Hati Niliyotaka Iwe Finyu

Afisa wa benki pale Mbinga aliikagua hati ya uwakilishi niliyopewa na dada yangu, aliye mgonjwa kule Lundo. Saini na muhuri wa wakili vilikuwa sawa, na muda wake ulikuwa haujaisha.

"Lakini babu, inakuruhusu kutoa fedha za matibabu tu. Kufunga akaunti, hapana."

Mpwa wangu, aliyekuja nami akitaka tutoe fedha zote anunue pikipiki, alifoka. "Mjomba, nani kaandika hati ya kibahili hivi?"

"Mimi ndiye niliyemwomba wakili aiwekee mipaka. Babu yako alinipa hati isiyo na mipaka, nikauza shamba lake la kahawa, fedha nikazinywa. Kanishtaki kwa mama yako ukitaka!"

Nikasaini fedha za hospitali peke yake.