Megahezi Tano

Nilikuwa nafundisha elektroniki chuo cha ufundi, Karagwe. Kwenye mtihani niliuliza: kaunta, yaani saketi ya kuhesabu mipigo ya umeme, ina hatua nne ziitwazo flip-flopu, kila moja inaamshwa na iliyotangulia na kuchelewa nanosekunde hamsini. Iendeshwe kwa kasi gani ya juu, namba itulie kabla ya mpigo unaofuata?

Msichana mmoja wa Murongo aliandika megahezi tano, yaani mipigo milioni tano kwa sekunde. Nikamkosesha, nikaandika megahezi ishirini kwa wino mwekundu.

Alinifuata ofisini. "Shikamoo mwalimu. Zinasubiriana. Ucheleweshaji unajumlishwa, unafika nanosekunde mia mbili." Akaningoja nijibu.

Nilimfokea mbele ya wenzangu. Somo akafeli, na muhula uliofuata hakurudi.

Baadaye niliiunganisha kaunta ileile kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora mipigo kwenye kioo. Kutoka saba kwenda nane ilipitia sita, nne, sifuri, ndipo nane: zilisubiriana, kama alivyosema. Mimi nilikokotoa kana kwamba ni kaunta sinkronia, ambayo mpigo mmoja unaziamsha zote kwa pamoja. Tangu hapo, kila nikisahihisha mitihani, ile sifuri inanipitia machoni.

Juzi nimemkuta Murongo, anauza maparachichi.

"Shikamoo mwalimu."

Akaningoja, kama siku ile ofisini. Nikaitikia marahaba, nikanunua matatu, nikaondoka.