Mbwa Aliyeota Jua la Malindi

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ilitoka nyuma ya tangi la maji, kama mtu anayekuna nazi bila kupumzika. Kisha ikaja harufu ya chachu na mafuta yaliyovunda. Mwisho ndipo nikamwona: mbwa wa shangazi yangu, amejilaza juani saa za adhuhuri, akijikuna shingo kwa mguu wa nyuma.

Nilikuwa nimeondoka kwake kwa miezi kadhaa kwenda kuandika kitabu. Nilimwacha ana manyoya ya rangi ya asali. Sasa kwapani na kinenani ngozi ilikuwa nyeusi, nene, imekunjamana kama ya tembo. Nilipomgusa, vidole vilitoka na utelezi. Nilishtuka nikarudi nyuma nikakanyaga bakuli lake.

"Kesho anadungwa ile sindano ya mwisho, apumzike," shangazi alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amevaa sweta, kama siku zote. Alihamia pwani kutoka bara miaka mingi iliyopita, na bado majirani wa Shella humtania: mama, leo theluji imeanguka wapi?

Mama mwenye nyumba alikuwa amemjia kwa upole wote wa watu wa mji wa kale. "Mie mbwa simchukii, dadangu, ni kiumbe wa Mungu. Lakini harufu yaingia hadi chumba ninachoswalia." Na shangazi, ambaye hajawahi kumsumbua mtu, aliona haya, akakata shauri.

Haikuwa kwamba hakujaribu. Kila jioni alimpaka mafuta ya nazi, kwa mkono wake, kama mama anavyompaka mtoto mchanga. Kadiri harufu ilivyozidi, ndivyo alivyozidi kumpaka.

Asubuhi tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Shangazi hakuketi. "Daktari, fanya haraka nisije nikabadilisha nia."

"Shikamoo kwanza, mama," daktari alisema, na shangazi akalazimika kuitikia.

Hakuchukua sindano. Alichukua kipande cha selotepu, akakibandika kwenye ngozi nyeusi, akakibandua, akakitia rangi na kukiweka chini ya hadubini. Akanikaribisha nichungulie. Niliona vijidudu vya zambarau, vingi mno, kila kimoja kimebanwa kiunoni kama ganda la karanga.

"Fangasi wa jamii ya chachu," alisema. "Kila mbwa anao kidogo. Wanakula mafuta ya ngozi. Mama, unampaka nini?"

Shangazi akamwambia.

"Basi umekuwa ukiwaandalia karamu."

Shangazi aliweka mkono mdomoni. Nilidhani atalia. Lakini daktari alikuwa ameshahamia kwingine. "Wakizidi hivi, kuna aliyewafungulia mlango. Anakula sana?"

"Hata hali! Na bado ananenepa."

"Analala?"

"Kutwa. Na juani! Watu wote wanakimbilia kivuli, yeye anatafuta jua, anatetemeka kama..."

Akalitazama sweta lake.

Daktari alimtoa mbwa damu, ikapelekwa Mombasa kupimwa. Tukapewa shampuu ya kuua fangasi. Ilibidi tumwache na povu kwa dakika kumi kabla ya kumsuuza, na mafuta ya nazi yarudi jikoni. Shangazi alimwomba mwenye nyumba subira. "Subira haijawahi kumuua mtu," yule mama alijibu, "ila pua yangu niombeeni."

Majibu yalipofika tulirudi, mbwa ananuka nusu ya alivyonuka. Daktari alieleza polepole. Tezi ya shingoni ilikuwa imechoka. Homoni yake ilikuwa chini sana, na ile ya kichwani inayoiamrisha ifanye kazi ilikuwa juu, kama mtu anayemfokea punda aliyelala. Ndiyo sababu ya baridi, unene, usingizi, na ngozi iliyoshindwa kujilinda. Angemeza vidonge kila siku maisha yake yote. Harufu ingeisha kwanza, weusi ungechukua miezi.

Shangazi alifungua mkoba, akatoa kijichupa cha dawa, akakiweka mezani. "Ni vidonge hivi?"

Daktari akasoma. Akamtazama yeye, sweta, kisha mbwa. "Ni hivi, mama."

Kumbe ile dawa niliyodhani ni ya presha ilikuwa ya tezi hiyohiyo! Miaka yote shangazi alikuwa akimeza kidonge kabla ya chai, na mimi, ninayejidai kuwatazama watu, sikuuliza.

"Nitampa zangu," alisema.

"Usithubutu. Kipimo chake kinazidi chako mara nyingi. Mbwa huitumia dawa hii upesi."

"Mara nyingi! Mwili wote huu, na yeye anizidi?" Akacheka, na machozi yakashuka katikati ya kicheko. "Nilikuja hapa kumuua kwa ugonjwa wangu mwenyewe."

Alivua sweta, akamfunika mbwa mgongoni, akashika kamba. "Twende, mgonjwa mwenzangu." Walitoka wakitembea taratibu, mmoja akimngoja mwenzake, na mlango ukajifunga nyuma yao.