Mwalimu Aliyesimama

Wenzake walimwita Kipaza, na jina lenyewe lilimkaa sawasawa. Akifundisha darasa la mwisho wa korido, wanafunzi wa darasa la mwanzo wa korido walinakili maelezo yake bila kutaka. Alikuwa binti wa fundi cherehani, na sauti hiyo aliipata nyumbani, kwa kushindana na mashine tatu zilizokuwa zikilia kutwa nzima. Ubishi alizaliwa nao. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu ukimwambia ni usiku, anatoka nje kwanza ahakikishe."

Aliolewa na fundi redio, mtu mpole asiyependa makelele, na watu hawakuacha kushangaa ndoa hiyo ilivyodumu. Mume alikuwa na jibu lake: "Mimi kazi yangu ni kurekebisha sauti. Hiyo moja nimeiacha ilivyo."

Kwa miaka mingi Kipaza alifundisha Kiswahili sekondari, na kila mwaka mitihani ilipokwisha aliitwa kwenda kusahihisha. Walimu walikusanywa katika ukumbi wa chuo, madirisha marefu, feni mbili zinazozunguka kwa kujivuta, meza zimepangwa kwa makundi. Kila mmoja alipewa kalamu nyekundu na mwongozo wa usahihishaji. Mkuu wa jopo lao alikuwa mkufunzi mstaafu, mwenye miwani ya kamba na moyo mzuri, ila mwongozo ukishapigwa muhuri kwake ulikuwa kama umeshuka kutoka mbinguni. Walimwita Mzee Kanuni, naye alilipenda jina hilo.

Mwaka huo kulikuwa na swali moja dogo. Mtahiniwa alipewa sentensi mbili: *Mtoto amelala kitandani. Usimwamshe mtoto huyo.* Aziunganishe kuwa sentensi moja kwa kutumia kirejeshi, bila kutumia "amba", na bila kubadilisha maana.

Kipaza alifungua mwongozo, akasoma jibu: *Usimwamshe mtoto anayelala kitandani.* Akasoma tena. Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akasoma mara ya tatu. Chini yake palikuwa na onyo: *"Aliyelala" asipewe alama, amebadilisha wakati.*

Kikao cha kuelewana juu ya mwongozo kilikuwa bado hakijafungwa. Akanyoosha mkono.

"Mzee wangu, hapa pana kosa."

"Kosa la chapa?"

"La sarufi. Jibu sahihi ndilo lililokatazwa."

Walimu waliokuwa wakipekua karatasi wakaacha kupekua. Mzee Kanuni akatabasamu, kama mtu aliyejiandaa.

"Dada yangu, tusipotezeane muda. Mtoto amelala sasa hivi, sivyo? Wakati wa sasa ni *-na-*. Ukiandika 'aliyelala', *-li-* ni wakati uliopita. Maana yake mtoto alilala, akaamka, yuko uwanjani anacheza mpira. Sasa utamwambia nani asimwamshe?"

Ukumbi ukacheka. Kipaza naye alicheka kidogo, maana mzaha ulikuwa mzuri. Kisha akasema:

"Hapo ndipo mwongozo ulipoteleza. Swali halikusema 'analala'. Limesema 'amelala'. Hiyo *-me-* inasema tendo limekwisha na hali yake ingalipo: kalala, na usingizi bado anao. Lakini *-me-* haikai na kirejeshi ndani ya kitenzi. Hakuna anayesema 'ameyelala'. Kwa hiyo kazi yake inachukuliwa na *-li-*. 'Aliyelala' inabeba yote mawili, aliyelala jana na huyu aliyelala sasa. Sentensi yenyewe ndiyo inayokuambia ni yupi. Ukiambiwa usimwamshe, unajua ni wa sasa."

"Na 'anayelala'?"

"Anayelala kitandani ni yule ambaye kitanda ndicho malazi yake, mwenzake analala mkekani. Au ndiyo kwanza anajinyoosha atafute usingizi. Huyo huhitaji kukatazwa kumwamsha, bado yuko macho!"

Mwalimu mmoja kijana akaitikia, "Kweli," kisha akaangalia chini haraka.

Mzee Kanuni hakukasirika. Alisema mazungumzo ya mtaani ni kitu kimoja na mtihani ni kitu kingine, kwamba mwongozo ulipitiwa na wataalamu, na kwamba kazi ya msahihishaji ni kusahihisha, si kutunga mwongozo upya. Watu wakainamia karatasi zao.

Kipaza akafungua karatasi ya kwanza. *Usimwamshe mtoto aliyelala kitandani.* Mwandiko wa kubana, herufi zimeegemeana. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Watoto hawa hawakuwa na mwongozo. Walikuwa na masikio tu, walisikia nyumbani kwao tangu wananyonya. Akashika kalamu, akaona mkono hautaki. Hakuona huruma, aliona hasira. Leo amwekee mtoto huyu mkasi wa kosa, kesho arudi darasani akamfundishe nini?

Akafunika kalamu. Akasimama.

"Mimi sikati," akasema, na kwa sauti ile hapakuwa na haja ya kurudia. "Nitasahihisha maswali mengine yote. Hili sikati."

"Mwalimu, ukikataa mwongozo unakataa kazi. Utaondolewa kwenye jopo."

"Niondolewe."

"Umefikiria vizuri?"

"Nimefikiria nikiwa nimekaa. Sasa nimesimama."

Minong'ono ikaanza, meza hadi meza. Mzee Kanuni akagonga meza kwa kiganja, jasho limemtoka puani, akasema kwa ukali ambao haukuwa kawaida yake:

"Jamani, utulivu! Na namwomba mwalimu aliyesimama akae, tuendelee na kazi!"

Kipaza hakukaa. Aligeuka kulia, akageuka kushoto, kama anayemtafuta mtu.

"Mzee wangu, unamwambia nani? Aliyesimama? Kwa mwongozo wako huyo alisimama zamani, akakaa, yuko uwanjani anacheza mpira. Mimi ningali hapa. Mbona hukusema 'mwalimu anayesimama'?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Aliyekuwa akinywa maji alipaliwa. Midomo ya Mzee Kanuni ikaonekana ikijaribu neno taratibu, bila sauti: anayesimama... anayesimama... Halikukaa mdomoni. Alijua, na wote waliona kwamba anajua.

Lakini hakukubali pale pale. "Ni kuteleza kwa ulimi," akasema.

"Basi mwite kila aliyekaa humu kwa ulimi usioteleza," Kipaza akajibu.

Mwalimu kijana akafunika kalamu yake. Jirani yake akafunika. Sauti za vifuniko zikaenda ukumbini, tak, tak, tak. Mzee Kanuni akachukua simu, akatoka nje kuzungumza na wakubwa.

Aliporudi alisoma uamuzi akiwa ameinamia karatasi: majibu yote mawili yapewe alama.

Wengine walipiga makofi. Kipaza alinyoosha mkono tena, na watu wakaguna.

"Watoto wapate alama zao, nashukuru. Ila iandikwe kwamba nimepinga. 'Anayelala' si jibu la swali hili. Mkiliacha kwenye mwongozo, mwakani mtu atalifundisha."

"Dada, huchoki?"

"Nachoka, Mzee. Andika."

Akaandika, na Kipaza akakaa, akasahihisha rundo lake hadi mwisho.

Mwaka uliofuata barua ya mwito haikufika. Mume wake alimuuliza kama imemuuma. Alikiri imemuuma, alipenda ukumbi ule, kelele za feni, ubishi wa wakati wa chai. Hata hivyo akasema angeulizwa tena leo, angesimama tena. Jumatatu aliingia darasani, akachukua chaki, akaandika ubaoni *amelala*, *amesimama*, *amevaa*, *amekaa*, kisha akawageukia wanafunzi.

"Haya, wekeni kirejeshi. Na atakayeona nimekosea asinyamaze. Asimame, aseme, na anipe sababu."

Msichana wa mbele akasimama kabla hata mwalimu hajamaliza kusema.