Siku Saba kwa Pande Zote Mbili

Shule nilikwenda mwaka mmoja na kitu, basi. Baba alipofariki niliingia jikoni kwa watu, kutoka jikoni nikaingia melini, na Kiingereza nilikiokota huko huko, baina ya sufuria na matusi ya mabaharia. Nilikiokota vizuri. Wako waliokaa darasani miaka kumi wasioweza kubishana na mzungu juu ya bei ya samaki. Mimi nimebishana nao katika bandari ambazo hata kwenye ramani hawazijui.

Miaka ile baada ya Mapinduzi walikuja wataalamu wengi wa kigeni, wa majumba, wa hospitali, wa umeme. Kundi moja lilipewa nyumba ya ghorofa tatu Mji Mkongwe, na mimi nikawa mpishi wao mkuu. Msimamizi wa nyumba alikuwa mama mmoja wa kwao, mrefu, asiyecheka ovyo. Kiingereza hakikuwa lugha yake wala yangu, kwa hiyo tulielewana sana. Kiswahili alijua neno moja tu, "sawasawa", na alilitumia kama mtu anavyotumia nyundo.

Ikatakiwa mwanamke wa kufua na kupiga pasi. Nikampeleka jirani yangu wa Ng'ambo, binti wa Makunduchi aliyeachwa na mumewe na kuja mjini kufua nguo za watu. Kanzu aliyoipiga pasi yeye ulikuwa unaogopa kukaa nayo. Mtoto wake wa kiume alimwacha Makunduchi kwa baba mkubwa wake yeye binti, kwa sababu hapa mjini alilala kwenye ukumbi wa watu na mtoto hakuwa na pa kulazwa. Siku aliyosikia habari ya kazi hakuniuliza mshahara. Aliniuliza:

"Ami, kwa kazi hiyo mtu ataweza kupanga chumba?"

"Ataweza."

"Basi nipeleke."

Yule mama alimjaribu kwa shuka mbili na shati moja, akasema sawasawa. Akaandika barua ya kumpa kazi, kwa Kiingereza. Lakini ofisi ya kazi ilitaka barua iwe pia kwa Kiswahili, na nakala zote mbili ziseme jambo lile lile, ndipo mfanyakazi atie saini mbele yao. Kazi ya kutafsiri akapewa karani wetu, kijana wa mjini hasa, mwenye ulimi wa asali, anayemwomba radhi hata paka akimkanyaga mkia.

Desturi ya yule mama ilikuwa hivi: aliyeandika haisomi. Anaisoma mwingine, ambaye hajaiona ile ya Kiingereza, anaigeuza tena kwa Kiingereza, kwa mdomo, na yeye anafuatisha kidole kwenye yake. Mwingine huyo nikawa mimi, na aproni yangu kiunoni.

Nikasoma. Ilikuwa barua tamu! Ilisema nyumba yetu inafurahi kumkaribisha, na kwamba kutakuwa na miezi mitatu ya kuzoeana. Mshahara wa kuanzia shilingi mia na hamsini. Atafua, atapiga pasi, na atasaidia kwa kadiri atakavyojaaliwa. Na ikitokea, Mungu apishe mbali, kutopatana, basi wataagana kwa wema.

Niligeuza neno kwa neno. Kidole cha yule mama kilisimama kwenye "kuzoeana" na hakikusogea tena.

"Hii si barua yangu," akasema. "Hii barua ya nani?"

Tukatolewa nje, mimi na karani, turudi na barua yake. Tukakaa jikoni kwangu, mashine ya kupiga chapa juu ya meza ya kukatia nyama, na ile ya Kiingereza kando yake.

"Sasa wewe, Karani," nikamwambia, "umeandika barua ya kazi au kadi ya harusi?"

"Nimetia adabu, Mpishi. Unampa mtu kazi, hapo hapo unamwambia utamtoa? Watu wa wapi hao?"

"Na huu mshahara wa kuanzia? Umesikia wapi kuwa utapanda?"

"Sikusikia. Lakini linapendeza."

"Litampendeza mpaka mwezi wa nne, kisha atakuja kukushika koo."

Akacheka, akautoa ule "wa kuanzia". Nikamwambia yeye apige mashine tu, nimsomee mimi. Nikasema, andika: katika miezi mitatu ya mwanzo, akiwa hafai, tutamfukuza. Karani akainua mikono juu kama aliyeungua.

"Wapi imeandikwa kufukuza? Nionyeshe! Hapa wamesema ajira inaweza kusitishwa. Mimi nilitia sukari, na wewe sasa unatia pilipili. Mama hakutaka hiki wala kile."

Alisema kweli. Nilimpa kikombe cha chai kwa hilo, na kwangu mimi chai si ya bure. Tukaenda hivyo mchana kutwa, yeye akipunguza pilipili yangu, mimi sukari yake, sufuria ya mchuzi ikiungua nyuma yetu. Neno "majaribio" alilitoa yeye, zuri, fupi, mtu yeyote anaelewa. Zile kazi tulizipanga kama zilivyo: kufua, kupiga pasi, kushona vilivyochanika, na kazi nyingine za chumba cha kufulia atakazopangiwa. Mshahara shilingi mia na hamsini kwa mwezi, ndani ya majaribio na baada yake, hulipwa siku ya mwisho ya kazi ya kila mwezi. Majaribio miezi mitatu. Ndani ya majaribio, mwajiri au mfanyakazi anaweza kusitisha ajira kwa kutoa taarifa ya siku saba kwa maandishi. Akithibitishwa kazini, taarifa itakuwa ya mwezi mmoja, kwa upande wowote.

Yule mama akamwita dereva wa nyumba aigeuze, maana mimi sasa nilikuwa mwandishi. Kidole kikateremka mpaka chini bila kusimama.

"Sawasawa," akasema.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe karani, kwa ile furaha yake, alikuwa ameshampa yule binti nakala ya ile barua tamu, naye ameshaipeleka Makunduchi kwa baba yake mkubwa. Mzee alipendezwa nayo mno, akaiweka ndani ya msahafu. Bila radhi ya mzee huyo binti asingetia saini. Ndiye aliyemlea, na ndiye aliyekuwa na mtoto. Ikabidi Ijumaa tuingie gari la abiria la shamba, binti na mimi, tukampelekee ile ya kweli.

Walitupokea kwa pweza wa nazi na muhogo. Mzee alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi, mvuvi, mkavu, macho makali. Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba, akaniambia soma. Majirani wakasogea ukumbini, hakuna aliyewaalika.

Nilisoma polepole. Kazi zikapita, mshahara ukapita. Nilipofika kwenye siku saba mzee akainua mkono.

"Ngoja. Rudia."

Nikarudia.

"Barua ile ya mwanzo haikuwa na maneno haya."

"Ile ilikosewa, mzee. Hii ndiyo iliyo sawa na yao."

"Yaani mtu anakuja kuposa kwangu, na ndani ya posa ametaja talaka?"

Ukumbi mzima ukasema ee! Bibi mmoja kule nyuma akaongeza, "Na mahari shilingi mia na hamsini!" Watu wakacheka, mzee hakucheka.

"Yafute maneno hayo, kisha urudi."

"Siyafuti," nikasema. "Nikiyafuta hapa, kule kwao yamebaki. Utakuwa na karatasi nzuri ndani ya msahafu, na mwanao ana nyingine."

"Mpishi wewe, una kiburi."

"Ninacho, mzee. Lakini barua ndiyo hii."

Nilimtazama binti. Alikuwa amekaa mlangoni, mwanawe amelala mapajani, na nilijua anahesabu kile chumba kinavyokwenda zake. Nikaona hapa pameharibika. Ndipo akasema, taratibu, bila kuinua kichwa:

"Baba, naomba niseme."

"Sema."

"Mume wangu alinipa siku ngapi?"

Hakungoja jibu.

"Nilikuwa napika. Akaingia, akasema neno lake moja, nikatoka na mtoto, wali uko motoni. Hata kuuepua sikuwahi. Hawa watu si ndugu zangu, hawanijui, wanasema wakinichoka wataniandikia, na watanipa siku saba. Ami, soma tena pale. Nani anaweza kusitisha?"

Nikasoma: mwajiri au mfanyakazi.

"Mfanyakazi ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi nami nikiwachoka nawaandikia, siku saba, nnakwenda zangu. Si ndivyo?"

"Ndivyo hivyo hivyo."

Yule bibi wa nyuma akapiga kigelegele, peke yake kwanza, kisha wakamfuata wengine mpaka mtoto akaamka. "Wallahi," akasema, "ningekuwa na karatasi hii mimi, nisingekaa na yule marehemu hata mwaka!" Mzee alijitahidi kushikilia uso wake. Hakuweza. Mabega yalianza kutikisika, kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kikoi.

"Na ile barua ya kwanza," akaniuliza, "ilimwambia hivyo?"

"Ile ilisema mtaagana kwa wema."

"Wema gani! Hata yule mumewe angeitia saini ile." Akaingia ndani, akaitoa kwenye msahafu, akanirudishia. "Mpe aliyeiandika, mwambie ana tabia njema. Hii nyingine niachie nakala."

Jumatatu tulikwenda ofisi ya kazi, yule mama, binti, karani na mimi. Bwana wa ofisi akazilaza barua mbili ubavu kwa ubavu, akauliza kama kawaida, "Umeyaelewa yaliyomo?" Binti hakusema ndiyo. Aliisema barua yote, kuanzia kufua mpaka taarifa ya mwezi mmoja, kwa mdomo, kwa mpango wake. Alipomaliza bwana yule alikuwa bado ameshika kalamu hewani. Binti akatia saini yake, herufi kubwa kubwa alizojifunza kwenye darasa la watu wazima, akazipulizia wino zikauke.

Wiki haikwisha nikamwona amesimama bure, nikamwambia anisaidie kumenya viazi. Akanitazama kwa heshima zote.

"Ami, shikamoo. Hayo yamo?"

Nikamenya viazi vyangu mwenyewe. Karani alicheka siku mbili.

Majaribio yalipokwisha yule mama alimpa barua ya kuthibitishwa, mistari mitatu, tukaigeuza mimi na karani kabla chai haijapoa. Binti alikuwa ameshapata chumba Ng'ambo, nyumba ya pili kutoka kwangu, chenye dirisha na kufuli. Jumapili mzee mwenyewe alikuja na gari la shamba, amembeba mtoto begani na kapu la muhogo mkononi. Alikagua chumba, akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Mtoto aliteremshwa, akapita moja kwa moja mpaka kitandani kwa mama yake, akapanda na viatu vyake vya vumbi juu ya shuka iliyopigwa pasi, na mama mtu akamwacha.