Kitufe cha A

Wifi yangu aliponiazima laptop yake nifungue stesheneri pale Ruangwa, alinipa na maneno yake. "Hii haijaguswa na fundi hata siku moja, wifi. Siku ikiguswa, naichukua." Akaikabidhi kwa mikono miwili mbele ya kaka yake, yaani mume wangu, na mimi nikaipokea kwa mikono miwili huku nikijiuliza kwa nini lazima mume wangu awepo.

Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Nkowe. Kila Jumamosi alikuja na bodaboda, akanunua dagaa sokoni, kisha akapita dukani kwangu. Kabla hajakaa, kabla hajaniuliza watoto wameamkaje, alipitisha vidole juu ya kibodi kutoka upande huu hadi upande ule. Alisema anafuta vumbi. Mimi si mjinga. Mtu anayefuta vumbi hatumii ncha za vidole, na wala habonyezi A mara tatu.

Sasa wewe fikiria siku A ilipotoka. Nilikuwa nafuta kibodi kwa kipande cha kanga, uzi ukanasa kwenye pembe ya kitufe, kikaruka. Chini yake kulikuwa na kitu chembamba cha plastiki kama mkasi mdogo, miguu yake imepishana, na mguu mmoja ulikuwa umekatika. Katikati kikabaki kipira kidogo kama chuchu. Nilijaribu kubonyeza kile kipira kwa kidole, A ikaandika, lakini mara nyingine ilinipa A mbili na mara nyingine ikaninyima kabisa. Na bila A utaandika nini kwa Kiswahili? Barua ya maombi ya kazi bila A ni aibu tupu. Duka lote lilikuwa pale juu ya kile kipira, na Jumamosi ilikuwa inakuja.

Fundi wa Ruangwa yupo, tena hodari, lakini kibanda chake kinatazamana na stendi anaposhukia wifi. Nikaona heri Nachingwea, ambako hakuna anayenijua. Kabla ya kuondoka nilitia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, kwenye kile kitufe na kwenye kile kimkasi kilichovunjika, nikavifunga kwenye pindo la kanga. Huku kwetu ukimpelekea fundi kitu bila alama, umempa zawadi. Skrubu za chini ya laptop nazo nilizipaka zote.

Fundi wa Nachingwea alipogeuza laptop akaona zile nukta, alicheka. "Mama, umeleta laptop au bibi harusi?"

"Fanya kazi," nikamwambia. "Nakaa hapa hapa."

Nikafungua pindo, nikamwekea kitufe na kimkasi kwenye karatasi, kisha nikavuta kigoda hadi magoti yangu yakagusa meza yake. Aliizima kwanza, akasubiri, akawasha tochi ya kichwani. Nilitegemea aniambie ninunue kibodi nzima, maana ndivyo wanavyofanya, na nilikuwa nimeshaandaa matusi. Lakini alisema kibodi ya aina hii imegandishwa kwenye ganda la juu, kuitoa ni balaa, tutengeneze kitufe tu. Hapo nikazidi kumshuku. Fundi asiyetaka kukuuzia kitu anataka nini?

"Ulikuwa unabonyeza kipira hiki kwa kidole?" akauliza.

"Kidogo."

"Usirudie. Chini ya kipira kuna utando, laini kama nailoni, ndiyo unaopeleka herufi. Kucha ikiuchana, au kipira kikibanduka, hapo hata mimi nitakurudishia mzigo wako."

Kipande cha mguu uliokatika kilikuwa kimekwama kwenye ndoano ya chuma pembeni ya kipira. Alikataa kutumia bisibisi. Alichukua plastiki ya kadi ya laini ya simu, akaikata ncha, akaisukuma chini ya kile kipande kwa ubavu, si kwa kuchokoa kwenda chini, mpaka kikalegea. Akakitoa kwa kibano. Kipira kilibaki kimesimama palepale.

"Sasa natafuta kimkasi kizima," akasema. "Nachukua cha Q. Kiswahili hakina Q. Laptop nyingi za huku ukizifunua Q utakuta kilema."

Akainua kitufe cha Q kwa ile plastiki, polepole, pembe moja kisha nyingine. Kilipotoka, chini yake kulikuwa na kimkasi kilichokatika mguu.

Nilisimama. "Fundi! Umebadilisha mbele ya macho yangu!"

"Mama, sijabadilisha."

"Hicho ni changu! Changu ndicho kilichovunjika!"

Watu wa duka la jirani wakachungulia. Fundi hakupandisha sauti. Alinionyesha kwa kibano kile kimkasi nilichokuja nacho, kimelala kwenye karatasi nyeupe, na nukta yake nyekundu. Cha kwenye Q hakikuwa na nukta. Rangi yangu mwenyewe ilinisuta mbele ya kadamnasi, nikarudi kwenye kigoda.

"Hii A ilishawahi kuvunjika kabla yako," akasema. "Aliyeitengeneza alichukua kizima cha Q akakileta kwenye A, kile kibovu akakificha kwenye Q. Sisi wote tunafanya hivyo."

Basi akachukua cha X, ambayo nayo hatuna kazi nayo. Alikiingiza kwanza upande wenye ndoano ndogo, kisha akakisukuma upande wa pili mpaka kikakaa. Akakiinua kwa ncha kuona kama kinapanda na kushuka bila kuruka. Ndipo akaweka kitufe juu, akakilinganisha na kipira, akabonyeza kwa kidole gumba pembe kwa pembe. Tak. Tak. Kibovu changu, na nukta yake, kikaenda kulala chini ya X, na Q akairudisha juu ya kilema chake.

Njia nzima ya kurudi Ruangwa sikuona mikorosho wala mashamba ya ufuta. Haijaguswa na fundi hata siku moja! Kumbe alinipa kitu kilichoungwa, akakikabidhi mbele ya mume wangu ili kikiachia nionekane mharibifu, achukue laptop yake na duka life. Nilimchukia kwa moyo wote.

Jumamosi akaja. Nilikuwa nimempikia ugali na mlenda, kama kawaida yangu, maana nilimwogopa. Akapitisha vidole. A, A, A. Kisha kidole kikaenda kwenye Q, kikagusa pembe yake taratibu, bila kubonyeza.

"Wifi," nikasema, "hiyo Q unaitafutia nini?"

Aliondoa mkono. Akakaa kwenye benchi la wateja, na kapu lake la dagaa mapajani.

"A imeachia?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Imeachia. Nimeitengeneza."

"Nilijua haitadumu. Kila wiki nakuja kuiangalia, nikiikuta imetoka nikaitengeneze kimyakimya." Alikuwa hanitazami. "Sikuwa na nyingine ya kukupa. Nikaogopa, nikisema ilishavunjika, utasema wifi yako amekutupia takataka, na kaka atakuamini wewe. Ndiyo maana nikakukataza fundi, asije akafunua Q."

Nilitaka kukana. Lakini ningesema hivyo, tena ningeyasema kwa majirani kabla ya kumwambia mume wangu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Nikafunua chakula. Jumamosi zote zile nilikuwa nampikia huku namwogopa, naye anakula huku ananiogopa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushiba.