Udongo Wenye Njaa

Umewahi kuona mtu mzima akihama na kiroba cha udongo? Simjui mwingine zaidi ya Bi Maimuna, jirani yangu wa ghorofani hapa Kariakoo. Nyumba yake ya mtaa wa Gerezani ilipouzwa na kubomolewa, alihamia kwa mwanawe na mkwewe Husna, na kitanda akakiacha. Alichobeba ni udongo wa uani. Tukamcheka, mimi wa kwanza.

Alipanda mchicha ndani ya kreti, ukanyauka. "Zena, udongo huu una njaa," aliniambia. "Ukifa, na ua wangu wa Gerezani umekufa."

Dada mmoja wa Ilala anayeuza mbegu akamfundisha bokashi, mbolea ya mabaki ya jikoni yaliyochachushwa. Ndoo ina bomba chini. Unatia maganda, wali uliobaki, miba ya samaki, unanyunyizia pumba zenye vijidudu vya kuchachusha, unakandamiza kwa sahani hewa itoke, unafunga kifuniko mpaka kibane. Maji yakituama unayatoa kwa bomba. Haikunuka, jamani. Ukifunua unasikia uchachu, kama achari.

Jioni alikaa mkekani kando ya ndoo, macho ameyafumba nusu, kelele za sokoni zikimfikia kwa mbali. Ukimsalimia, anachelewa kuitika. Ungeapa anasikia jogoo wa Gerezani.

Ndoo ikajaa, akaifunga ikae. Ijumaa moja alikuwa kwangu tukinywa kahawa, na huko Husna akasafisha nyumba, maana wageni walikuwa wanakuja. Akafunua ndoo, akaona utando mweupe. Ukungu! Akamwaga vyote jalalani, akaisugua ndoo kwa dawa ya choo.

Bi Maimuna alirudi akaikuta inang'aa. "Umeisafisha vizuri, mwanangu," alisema, akaenda kulala ameelekea ukutani. Chakula hakugusa.

Mimi sina ustaarabu huo. Nikamfuata Husna jikoni. "Mweupe ndio wenyewe, wewe! Wa kijani na mweusi ndio umeoza. Umemwaga chakula cha udongo wa uani kwake."

Husna akalia, nami roho ikaniuma, kwa sababu mtoto wa watu hakuambiwa. Kesho yake aliisuuza ndoo mpaka harufu ya dawa ikaisha, akaomba maganda kwa mama ntilie wa chini, akaipeleka mkekani. "Mama, nionyeshe unavyokandamiza."

Wakaijaza pamoja. Ilipochacha vya kutosha, wakachanganya na ule udongo ndani ya kreti, wakaufunika, wakasubiri tena. Nyumba ikawa na utulivu wa ajabu, kila mtu anapita pale taratibu kana kwamba kuna kichanga kimelala.

Siku ya kufunua nilikuwepo. Maganda hakuna. Udongo mweusi, unaponyoka vidoleni, unanukia kama ardhi iliyonyeshewa. Bi Maimuna akazamisha mkono, akauvuta na wa Husna.

"Marehemu mume wangu akimwagia maji uani asubuhi, ndiyo harufu hii," alisema. "Kumbe hawakubomoa pote."

Nikaondoka zangu polepole, nikawaacha wamechutama, mikono imo ndani.